Ubavu Mweusi wa Jahazi

Anayechonga jahazi kwenye Blender hana sababu ya kuchonga mbavu zote mbili. Chombo kina ulinganifu, kwa hiyo anachonga ubavu wa kulia tu, kuanzia mkuku hadi ukingo wa juu. Ukishamridhisha, anauteua wote akiwa kwenye Edit Mode, anautoa nakala kwa `Shift+D`, kisha, Pivot Point ikiwa `3D Cursor` kwenye mstari wa katikati, anabonyeza `S`, `X`, `-1` na Enter. Nakala inarukia upande wa pili na jahazi linakuwa zima. Analizungusha, analikagua juu na chini, haoni kasoro. Analitoa kama faili la FBX na kuliingiza Unity.

Huko Unity, akiliangalia kutoka kushoto anaona bahari tu. Ubavu wa kushoto haupo, na ule wa kulia nao hauonekani. Akizunguka na kuchungulia kutoka juu upande wa kulia, ubavu wa kushoto upo, ila anauona kwa ndani. Anafungua matiriali, anabadilisha `Render Face` kutoka `Front` kwenda `Both`, na ubavu unarudi. Lakini jua la jioni linapoupiga usoni, ubavu ni mweusi tii. Chini, mbavu mbili zinapokutana kwenye mkuku, kuna mstari wa giza uliokata ghafla.

Kasoro hizo tatu, yaani tundu, weusi na mstari wa maungio, zina asili moja. Kuielewa kunataka turudi nyuma kidogo, tuulize kompyuta inajuaje upande upi wa ubao ni wa nje.

Jibu ni kwamba haijui. Modeli ni orodha mbili. Ya kwanza ni ya ncha, na kila ncha ina namba tatu zinazosema iko wapi. Ya pili ni ya pembetatu, na kila pembetatu inataja ncha zake tatu. Pembetatu haina unene wala rangi ya ndani na ya nje. Haina kumbukumbu kwamba iliwahi kuwa ubavu wa chombo. Kitu pekee kinachoweza kutofautisha upande mmoja na mwingine ni mpangilio wa kutaja zile ncha. Ukizitaja A, C, B, anayeitazama pembetatu kutoka upande mmoja ataona unazunguka kinyume cha saa, na aliye upande wa pili ataona unazunguka kama saa. Wataalamu wakakubaliana kwamba mzunguko wa aina moja uhesabiwe kuwa uso na wa aina ya pili uhesabiwe kuwa mgongo. Ni makubaliano tu, na Blender inafuata kinyume cha saa.

Kutokana na mpangilio huo huo hupatikana mshale uliosimama wima juu ya uso, ukielekea nje. Mshale huo ndio nomali. Hupatikana kwa kuchukua kingo mbili za pembetatu zinazoanzia ncha ya kwanza na kuzizidisha kwa kanuni hii:

```
u × v = (uy·vz − uz·vy,  uz·vx − ux·vz,  ux·vy − uy·vx)
```

Tuchukue pembetatu moja ya ubavu wa kulia, karibu na mkuku. X inaelekea kulia kwa chombo, Y inaelekea omo, Z inaelekea juu. Ncha A iko kwenye mkuku, (0, 0, 0). Ncha C nayo iko kwenye mkuku, mita mbili mbele kuelekea omo, (0, 2, 0). Ncha B iko mita moja kulia na mita moja juu, (1, 0, 1). Tukizitaja kwa mpangilio A, C, B, ukingo wa kwanza unatoka A kwenda C na wa pili unatoka A kwenda B:

```
(0, 2, 0) × (1, 0, 1) = (2, 0, −2)
```

Mshale unaelekea kulia na chini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu sehemu ya chini ya ubavu wa kulia inatazama kulia na kuinamia maji. Ukiugawa kwa urefu wake ili uwe na urefu wa 1, unapata takriban (0.71, 0, −0.71).

Sasa fanya alichofanya mchongaji wetu. Zidisha X kwa −1. A na C ziko kwenye mstari wa katikati kwa hiyo hazisogei, na B inakuwa (−1, 0, 1). Orodha ya pembetatu haikuguswa. Bado inasema A, C, B.

```
(0, 2, 0) × (−1, 0, 1) = (2, 0, 2)
```

Yaani (0.71, 0, 0.71), kulia na juu. Kwa ubavu wa kushoto, huko ni ndani ya chombo. Mshale uliotakiwa ni (−0.71, 0, −0.71), ambao ni kinyume kamili cha tulioupata. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila kioo hugeuza mzunguko: saa ya ukutani ukiitazama kwenye kioo, mishale yake inakwenda kinyume. Mchongaji aligeuza mahali pa ncha bila kugeuza mpangilio wake, na mpangilio ndio unaosema nje ni wapi.

Kwa nini basi Blender haikumwonyesha? Kwa sababu kwa kawaida Blender huchora pande zote mbili za kila uso, na wakati wa kutia mwanga humgeuzia mtazamaji ule mshale. Programu ya uchongaji inafaa iwe hivyo, maana mtu yuko katikati ya kazi na nyuso zake bado hazijatulia. Injini ya gemu ina shughuli nyingine. Inachora picha nzima mara 30 au 60 kwa sekunde, na katika kitu kilichofungwa pande zote, karibu nusu ya nyuso ziko nyuma na hakuna atakayeziona. Kwa hiyo huuliza kila pembetatu: kutoka hapa kamera ilipo, ncha zako zinazunguka upande gani? Ikiwa ni upande wa mgongo, inaitupa kabla ya kuipaka rangi. Ndiyo maana ubavu wa kushoto ulitoweka. Injini iliambiwa kwamba uso wake uko ndani, ikaamini. Na ubavu wa kulia haukuonekana kutoka kushoto kwa sababu kutoka hapo kamera inautazama mgongoni, na kutupwa kwake ni halali kabisa.

Tuje kwenye weusi. Mwaka 1760 Johann Heinrich Lambert alichapisha kitabu chake Photometria, na ndani yake mna kanuni ambayo kila injini ya gemu bado inaitumia kwa namna moja au nyingine. Uso usiong'aa hupokea mwanga kulingana na pembe kati ya nomali yake na mshale unaoelekea kwenye taa. Katika hesabu, unazidisha X kwa X, Y kwa Y, Z kwa Z, kisha unajumlisha. Jibu likiwa 1, uso unaitazama taa ana kwa ana. Likiwa 0, mwanga unaupita ubavuni. Likiwa chini ya 0, uso umeipa taa mgongo, na injini huandika 0 kwa sababu hakuna mwanga wa hasi.

Jua letu la jioni liko kushoto, chini kabisa, kwa hiyo mshale wa kuelekea jua ni (−1, 0, 0). Ubavu wa kushoto ukiwa na nomali sahihi:

```
(−0.71)(−1) + 0 + (−0.71)(0) = 0.71
```

Unapata asilimia 71 ya mwanga wote. Ukiwa na nomali iliyogeuka:

```
(0.71)(−1) + 0 + (0.71)(0) = −0.71
```

Inaandikwa 0. Kinachobaki ni ule mwanga hafifu wa mazingira, na kama mandhari haina mwanga huo, ubavu ni mweusi. Kumbe `Both` haikutibu kitu. Iliiambia injini isiutupe ubavu, lakini mshale bado unaelekea ndani. Kwa maoni yangu kitufe hicho ndicho kinachowapotezea wanafunzi muda mwingi zaidi, kwa sababu kinaondoa dalili iliyo wazi na kuacha ile inayochanganya. Mtu akishakibonyeza, anaanza kuhangaika na taa, na vivuli, na rangi za matiriali, ilhali kosa liko kwenye umbo.

Hapa pana jambo moja ambalo bila kulijua mtu atazunguka sana. Nomali hazihesabiwi upya kila wakati. Faili la FBX huzibeba zimeandikwa tayari, kila kona ya kila uso na mshale wake. Kwa hiyo modeli ina habari mbili tofauti kuhusu nje ni wapi: mpangilio wa ncha, unaoamua kama uso utachorwa, na nomali zilizoandikwa, zinazoamua utapata mwanga kiasi gani. Kwa kawaida zinakubaliana, hata zinapokosea. Katika jahazi letu zote mbili zilikosea kwa pamoja, ndiyo maana tulipata tundu kwanza na weusi baadaye. Lakini zinaweza kupingana. Modeli iliyopita kwenye programu mbili tatu mara nyingi huwa na nomali zilizofungwa, ambazo Blender huziita Custom Split Normals. Mpangilio ukirekebishwa na zile zilizofungwa zikabaki za zamani, uso utachorwa vizuri bila tundu lolote, lakini utakuwa mweusi hata `Render Face` ikiwa `Front`.

Unity ina njia rahisi ya kuzitenganisha hali hizi. Teua modeli, nenda kwenye kichupo cha `Model` cha mipangilio ya kuingiza, tafuta `Normals`, ibadilishe kutoka `Import` kwenda `Calculate`, kisha bonyeza `Apply`. Sasa Unity inatupa nomali zilizoandikwa na kuhesabu mpya kutoka kwenye mpangilio wa ncha. Kama weusi umeondoka, kosa lilikuwa kwenye nomali zilizoandikwa. Kama tundu au weusi umebaki palepale, mpangilio wenyewe umegeuka. Tumia jaribio hilo kupima, usilitumie kama tiba. `Calculate` haiwezi kurudisha uso uliotupwa, na huamua ulaini kwa pembe moja tu kwa modeli nzima, kwa kawaida digrii 60. Kama mchongaji alipanga kingo fulani ziwe kali na nyingine laini, kazi yake inapotea.

Mstari wa giza kwenye mkuku unataka hesabu moja zaidi. Modeli imeundwa kwa vipande bapa, lakini tunataka ionekane ya mviringo. Mwaka 1971 Henri Gouraud, akiwa Chuo Kikuu cha Utah, alieleza njia ambayo bado ndiyo msingi. Kila ncha ipewe wastani wa nomali za nyuso zinazokutana hapo, kisha mwanga usambazwe taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine. Kwenye mkuku wetu zinakutana nyuso za kulia na za kushoto. Zikiwa sahihi, jumla yake ni:

```
(0.71, 0, −0.71) + (−0.71, 0, −0.71) = (0, 0, −1.42)
```

Chini kabisa, kama mkuku unavyotakiwa kutazama. Lakini upande wa kushoto ukiwa umegeuka:

```
(0.71, 0, −0.71) + (0.71, 0, 0.71) = (1.42, 0, 0)
```

Mkuku unatazama kulia. Si chini wala si juu. Ni mwelekeo ambao hakuna ubao wowote pale unaoufuata. Jua likiwa kushoto, ncha hizo zinapata 0, na giza lake linamwagika kwenye pembetatu zote zinazozigusa. Jua likihamia kulia, sehemu ile ile inang'aa kupita kiasi. Katika umbo bapa hali ni mbaya zaidi: nyuso mbili zilizo sawa, moja ikitazama juu na nyingine ikitazama chini, wastani wake ni (0, 0, 0), na injini haina mshale kabisa wa kufanyia kazi. Matokeo yake hutegemea injini, lakini mabaka meusi yanayomeremeta ni ya kawaida.

Hayo yanatokea pale ncha za katikati zinapokuwa zimeunganishwa. Mchongaji wetu alitoa nakala bila kuziunganisha, kwa hiyo kila ncha ya mkuku iko mara mbili, mahali pale pale, moja ya kulia na moja ya kushoto. Hapo hakuna wastani wa pamoja, na mstari unakuwa mkali kama kisu badala ya kufifia. Kwa hiyo umbo la mstari lenyewe linakuambia kitu. Ukififia, ncha ni moja na mielekeo inapingana. Ukikata ghafla, ncha ni mbili, au ukingo umewekwa alama ya ukali.

Sasa tutengeneze, na tutengeneze Blender, si Unity. Juu ya dirisha fungua menyu ya Overlays na uwashe `Face Orientation`. Nyuso zilizotoa mgongo zinakuwa nyekundu. Jahazi letu, ukilitazama kwa nje, litaonekana jekundu kushoto tu, likiwa limepasuliwa katikati na mkuku. Rangi hiyo itaonyesha pia ubao mmoja mmoja uliogeuka peke yake, aina ya kosa ambalo jicho haliwezi kulipata.

Ingia Edit Mode, teua vyote kwa `A`, bonyeza `M` na uchague `By Distance`. Blender itaunganisha ncha zote zilizo karibu kuliko umbali uliowekwa, ambao kwa kawaida ni mita 0.0001. Chini ya dirisha itakuambia imeondoa ncha ngapi. Linganisha na idadi ya ncha za mstari wa katikati. Kama imeondoa pungufu, basi baadhi ya ncha hazikuwa kwenye X = 0 kamili wakati wa kugeuza, na kuna mpasuko mwembamba. Usiukimbilie kwa kuongeza umbali hadi ncha zifuate, kwa sababu utameza na maumbo madogo ya modeli. Teua ncha za katikati, bonyeza `S`, `X`, `0` ili zilale kwenye mstari mmoja, kisha unganisha tena.

Fanya hivyo kwanza, halafu ndiyo uteue vyote na kubonyeza `Shift+N`, yaani Recalculate Outside. Mpangilio huo una sababu. Amri hiyo hufanya kazi kisiwa kwa kisiwa. Katika kila kundi la nyuso zilizoungana huchukua uso ulio mbali zaidi na katikati, huukadiria kuwa wa nje, kisha huwageuza majirani wote wafuatane nao. Mbavu mbili zikiwa hazijaungana, Blender inazikisia kila moja peke yake, na ubavu mmoja ulio peke yake ni ganda lililopinda ambalo ndani na nje yake hazijulikani vizuri. Ukiziunganisha kwanza, umeipa umbo linaloeleweka. Hata hivyo ni makadirio. Chumba ambacho mchezaji ataingia kitageuziwa nyuso zake nje wakati wewe unazitaka ndani. Hapo unateua mwenyewe, unabonyeza `Alt+N` na kuchagua `Flip`.

Kama jahazi halina tena wekundu kwa nje lakini mwanga bado una kasoro ndani ya Blender, nenda kwenye kichupo cha data za kitu, sehemu ya Geometry Data, ubonyeze `Clear Custom Split Normals Data`. Kama hakuna nomali zilizofungwa, hapo hakuna cha kufuta.

Mpaka hapa jahazi lina ngozi moja tu. Ukilitazama kwa nje ni kamili, lakini ukichungulia ndani, mbao hazipo, kwa sababu ndani ni mgongo. Hili si kosa la nomali. Ni umbo ambalo halijakamilika. Ongeza modifaya ya Solidify, upe ubao unene wake, tuseme sentimita 4, na utapata ngozi ya ndani yenye nyuso zinazotazama ndani. Solidify nayo huzisoma nomali ili ijue iongeze unene upande gani, na kwa mipangilio yake ya kawaida huongeza kuelekea mgongoni. Ukiiweka kabla ya kurekebisha ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia utanenepa kwa ndani na wa kushoto kwa nje, na mkuku utakuwa na ngazi ya sentimita 4. Nimeona watu wakiifukuza ngazi hiyo kwa kusogeza ncha moja moja kwa mkono.

Tanga lina hesabu yake. Ni kitambaa chembamba kinachoonekana pande zote mbili, kwa hiyo lazima lichorwe pande zote mbili. Hapa ndipo `Both` inapofaa, lakini kumbuka kwamba kuchora mgongo na kuupa mwanga sahihi ni mambo mawili. Katika HDRP ya Unity, ukiwasha `Double-Sided` unapata chaguo la `Normal Mode`. Ukichagua `Flip`, mgongo unatumia mshale uliogeuzwa na unapata mwanga wake wa haki. Ukichagua `None`, mgongo unatumia mshale wa mbele na utakuwa mweusi jua likiwa nyuma ya tanga. Kama matiriali haina chaguo hilo, ni afadhali ulipe tanga ngozi mbili, nyuso za pili zikiwa zimegeuzwa na kusogezwa milimita chache. Zikilala mahali pamoja kabisa, injini itashindwa kuamua ipi iko mbele na utaona mikwaruzo inayochezacheza.

Kuna makasia na gofia za kamba, ambazo huwa ni vitu vinavyojitegemea vilivyogeuzwa kwenye Object Mode. Hivi vinahitaji tahadhari ya peke yake. Ncha zao hazikuguswa. Kilichobadilika ni skeli ya kitu, ambayo sasa imeandikwa −1 kwenye X. Blender inalijua hilo na inalifidia wakati wa kuchora, kwa hiyo `Face Orientation` haionyeshi wekundu. Kosa linajitokeza pale skeli hiyo inapoyeyushwa ndani ya ncha, kwa `Ctrl+A` au mahali fulani katika safari ya kutoka Blender. Kuvitafuta kimoja kimoja kwenye mandhari yenye vitu mia ni kazi bure. Fungua dirisha la Scripting na uandike:

```python
import bpy
for o in bpy.context.scene.objects:
    if o.type == 'MESH' and o.matrix_world.determinant() < 0:
        print(o.name)
```

Namba inayohesabiwa hapo huwa hasi kila kitu kinapokuwa kimepita kwenye kioo mara moja, au mara tatu, na huwa chanya kikiwa hakijapita au kimepita mara mbili. Majina yatatokea kwenye konsoli. Kwa kila kimoja, bonyeza `Ctrl+A`, chagua `Scale`, kisha angalia rangi. Kikigeuka chekundu, ingia Edit Mode na utumie `Shift+N`.

Si kila giza ni la nomali zilizogeuka. Zungusha taa ya jua uone. Weusi wa nomali unahama na taa, na unang'aa pale usipostahili. Doa lisilobadilika hata kidogo limepakwa kwenye picha ya rangi au kwenye ramani ya mwanga iliyookwa. Kama mstari unaonekana tu ramani ya nomali ikiwa imewekwa kwenye matiriali, na ukiiondoa unatoweka, basi nyuso ziko sawa na tatizo liko kwenye tanjenti, mishale ya pembeni ambayo ramani hiyo huitegemea. Hakikisha `Tangents` kwenye Unity iko `Calculate Mikktspace`, mfumo wa Morten Mikkelsen ambao Blender pia huutumia kuoka. Na ikiwa uliioka ramani kabla ya kugeuza nyuso, ioke upya. Iliandikwa kwa kufuata mishale ambayo haipo tena.

Dokezo la mwisho kabla hujaanza kutafuta. Modeli nzima ikiwa imegeuka ndani nje, mshukiwa ni programu iliyoitoa au kuiingiza. Blender hutumia mfumo wa mkono wa kulia na Unity wa mkono wa kushoto, na kuvuka kutoka mmoja kwenda mwingine ni kupita kwenye kioo. Kiingizaji cha Unity hulishughulikia hilo chenyewe, lakini kile ulichokiandika mwenyewe huenda kikasahau kugeuza mpangilio wa ncha. Nusu tu ikiwa imegeuka, mshukiwa ni mtu aliyetumia `-1`.

Kwa jahazi linalofuata, chonga ubavu mmoja na uweke modifaya ya Mirror, ukiwa umewasha `Clipping` na `Merge`. Yenyewe inageuza mahali pa ncha na mpangilio wake kwa pamoja, na inaunganisha mstari wa katikati. Na ukiagiza modeli kwa mchongaji mwingine, mwombe akupe na faili lake la `.blend`, kwa sababu FBX peke yake itakufanya urekebishe matokeo bila kuweza kugusa chanzo.